Pembe ndani ya piano: mawindo na dansi katika muziki wa enzi ya Mozart

Swali: Shikamoo Mwalimu. Napiga kinanda kanisani, na sasa najifunza sonata ya Beethoven, Opus 81a. Anayenifundisha anasema zile noti tatu za mwanzo ni "pembe za wawindaji", na kwamba Mozart naye amejaa minueti na gwaride hata pale ambapo hakuna mtu anayecheza. Mimi naona piano tu. Hizo maana zimo kweli kwenye noti, au watu wanajitungia?

Jibu: Marahaba. Pembe zimo, na nitakuonyesha zilipo. Ila kwa sonata yako neno "wawindaji" ningelifuta, na sababu za kulifuta zitakusaidia kutenganisha kilichomo kwenye noti na kinachobuniwa na msikilizaji.

Anachokuambia mwalimu wako kina jina na historia. Mwaka 1980 Leonard Ratner, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha kitabu kuhusu muziki wa kizazi cha Haydn na Mozart. Alionyesha kwamba watunzi wale walikuwa na akiba ya mitindo inayotambulika, wakiichota kutoka ukumbi wa dansi, kanisani, kambi ya jeshi na porini, kisha wakaipachika ndani ya sonata na simfoni. Kila mtindo wa namna hiyo aliuita topiki. Mimi nitasema mada. Miaka mitatu baadaye Wye Allanbrook akachambua dansi katika opera za Mozart, na mwaka 1991 Mghana Kofi Agawu akauliza swali gumu zaidi: mada zinapofuatana, zinashirikiana vipi na mwendo wa kipande kizima, na mwanzo, katikati na mwisho wake?

Kwako si jambo geni. Ukisikia mapigo ya chakacha ndani ya wimbo wa disko, hata kama hakuna aliyetaja harusi, mtu wa Pwani anajua mara moja kwamba kuna wanawake, kuna sherehe, kuna viuno. Hakuna aliyemfundisha darasani. Amezicheza, au amemwona mama yake akizicheza. Wasikilizaji wa Vienna ya miaka ya 1780 nao walikuwa hivyo kwa minueti na pembe.

Sasa tuone ushahidi, na tuanze na pembe kwa sababu yake unapimika kabisa.

Pembe ya wakati ule ilikuwa bomba refu la shaba lililokunjwa duara. Haikuwa na vali. Vali zilibuniwa katika miaka ya 1810. Mpigaji alibadili noti kwa kukaza na kulegeza midomo tu, na bomba likampa zile noti ambazo maumbile yake yanaruhusu. Kwa solfa unayoijua kwaya, kutoka chini kwenda juu anapata do, so, halafu do, mi, so, kisha noti moja isiyokaa sawa ambayo wengi waliikwepa, halafu do, re, mi. Angalia vizuri: kule chini noti zimeachana mbali, na re haipatikani mpaka ufike juu. Wapigaji wa okestra walijifunza kuziba mdomo wa pembe kwa mkono ili kuiba noti za katikati, lakini mwindaji aliye juu ya farasi, hatamu mkono mmoja na pembe mkono wa pili, hakuwa na nafasi ya ujanja huo.

Wape pembe mbili waimbe pamoja. Ya kwanza inapanda do, re, mi. Ya pili itafanya nini? Wewe ungempa alto la, ti, do, zikaenda sambamba kwa tatu-tatu, tamu kabisa. Lakini pembe ya pili haina la wala ti katika eneo lile. Kwa hiyo chini ya do inashika mi, chini ya re inalazimika kurukia so, na chini ya mi inatua kwenye do. Umbali kati ya sauti hizo mbili unakuwa sita, tano, tatu. Ile tano ya katikati ina utupu fulani, na ukiisikia mara kadhaa hutaisahau. Huo mpangilio haukuchaguliwa na mtu kwa sababu ya uzuri wake. Bomba ndilo lililoamua.

Hapo ndipo penye hoja yenyewe. Piano ina kila noti. Mtunzi wa piano hana sababu ya kimitambo ya kuacha la na ti akajibana kwenye mi, so, do. Akijibana hivyo kwa hiari yake, amevaa ulemavu wa chombo kingine ili ukitambue, na huo ni uamuzi unaoonekana kwenye karatasi, hata kwa mtu asiyetaka kuusikia.

Mawindo sasa. Ufaransa ya Louis wa 15 ndiyo iliyokuwa na utaratibu mkali wa kuwinda ayala kwa farasi na mbwa, na Marquis de Dampierre alitunga miito mingi ya pembe kwa kazi hiyo. Kila mwito ulikuwa habari: mnyama ameonekana, ameingia majini, amekufa. Wawindaji walikuwa wametawanyika msituni na hawakuonana, kwa hiyo pembe ndiyo ilikuwa simu yao. Miito mingi ilikwenda kwa mapigo ya sita kwa nane, yale yanayoruka kama farasi anayekimbia. Haydn alipoandika mwisho wa Simfoni namba 73, iliyopewa jina la "Mawindo", aliingiza mwito halisi wa kutangaza kwamba mnyama ameonekana. Kipande kile kilianzia kwenye opera yake ya 1781 kule Eszterháza, nacho kina alama zote kwa pamoja: sita kwa nane, ufunguo wa D meja unaopendwa na pembe za Wafaransa, pembe zenyewe kwenye okestra, na ile hatua ya sita, tano, tatu.

Na mada ile ilimaanisha nini? Kuwinda ayala ilikuwa haki ya makabaila. Kwa hiyo pembe ilileta picha ya mwanamume wa daraja la juu, mwenye afya, nje asubuhi, mara nyingi majira ya vuli. Raymond Monelle, aliyefundisha Edinburgh, alitoa tahadhari ninayoipenda: kufikia enzi ya Mozart, sehemu nyingi za Ujerumani mawindo ya wakubwa yalikuwa kufukuzia wanyama ndani ya uzio na kuwapiga risasi kwa mamia. Hakuna ushujaa hapo. Muziki uliendelea kuashiria mawindo ya hadithi, yale ya mbio na ujasiri. Kwa hiyo usitafute maana ya mada kwa kuangalia tu watu walifanya nini mwaka ule. Angalia waliwaza nini.

Tuje kwenye sonata yako. Tarehe 4 Mei 1809, jeshi la Napoleon likikaribia Vienna, Akidyuki Rudolph, mwanafunzi na mfadhili wa Beethoven, aliondoka mjini pamoja na familia ya kifalme. Juu ya noti tatu za mwanzo Beethoven aliandika neno la Kijerumani la kuagana, silabi moja kwa kila noti: *Le-be-wohl*. Ufunguo ni E-flati meja, ambao nao ni ufunguo wa pembe. Sauti ya juu inashuka mi, re, do. Ya pili chini yake inaanza do, inarukia so. Tatu, tano, mtu yeyote wa mwaka 1809 alishajua kinachofuata ni sita, kordi ya do itue, pembe zinyamaze.

Haitui. Sauti ya juu inafika do kama ilivyotazamiwa, lakini besi inaingia chini yake na la, na kordi inageuka kuwa C maina. Ni noti moja tu ya besi, na imeharibu salamu nzima. Hapa ndipo ninaposema mada ina kazi: kama usingeutambua mwito wa pembe, ile C maina ingekuwa kordi ya kawaida ya huzuni, moja kati ya nyingi. Kwa kuwa unajua pembe haiwezi kukosea namna hii, unasikia kwamba jambo fulani limezuia. Kipimo cha nane mwito unarudi, na safari hii unaangukia mbali zaidi, kwenye C-flati meja. (Kipimo ni kile kisanduku kati ya mistari miwili ya wima, wanakwaya wengine husema baa.)

Sasa kwa nini nimefuta "wawindaji"? Hesabu alama. Hatua ya pembe ipo. Ufunguo upo. Lakini mapigo ni mbili kwa nne, mwendo ni wa taratibu sana, na hakuna mbio yoyote. Kwa Haydn alama zote zinaelekeza porini. Kwa Beethoven nusu yake zimeondolewa. Kilichobaki ni pembe peke yake, na pembe yenyewe, mbali na mawindo, ilikuwa sauti ya umbali: unaisikia kabla hujamwona aliyeipiga, na gari la posta nalo lilitangaza kufika na kuondoka kwa pembe. Ndiyo maana inafaa kwa kuaga. Mwalimu wako amesikia sawa, ila amelipa jina la jirani. Na kama unataka uthibitisho kutoka kwa Beethoven mwenyewe, fungua kurasa za mwisho za sehemu ya kwanza: miito inaitikiana, mmoja haujaisha mwingine unaingia juu yake, mpaka kordi mbili zinagongana kana kwamba pembe ziko pande mbili za bonde na hazisikilizani vizuri. Wengi wanaocheza kwa mara ya kwanza hudhani kuna kosa la uchapaji. Hakuna.

Kwa upande wa dansi namna yetu ya kutambua inabadilika, kwa sababu dansi haitambuliwi kwa noti zinazopatikana bali kwa mwili: mapigo mangapi, uzito uko wapi, na watu gani walioicheza. Nitashika tatu tu. Minueti ni mapigo matatu kwa mwendo wa wastani, hatua ndogo zilizopimwa, wawili wawili, wakitazamwa. Dansi ya makabaila. Dansi ya Kijerumani nayo ni ya mapigo matatu, lakini ya haraka, wawili wameshikana na kuzunguka. Hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa walsi, na ilihesabiwa kuwa ya watu wa chini. Kati yao iko kontradansi, mapigo mawili mepesi, kundi zima linabadilishana wenzi. Ilitoka Uingereza, na ilichezwa na mtu wa kila daraja.

Mozart hakuzijua kwa vitabu. Desemba 1787 alipewa kazi katika jumba la mfalme, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kutunga dansi hizi hizi tatu kwa ajili ya karamu za vinyago za Vienna, ambako watu wa madaraja mbalimbali waliruhusiwa kuingia. Waliokaa kusikiliza opera yake wiki hii walikuwa wamecheza minueti wiki iliyopita.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo, mjini Prague, alikuwa amefanya jambo ambalo bado linanishangaza. Mwishoni mwa tendo la kwanza la *Don Giovanni* kuna karamu, na okestra tatu ndogo ziko jukwaani. Ya kwanza inapiga minueti; wanaoicheza ni Ottavio na Anna, makabaila waliojificha nyuma ya vinyago. Ya pili inajaribu nyuzi zake, unazisikia zikitafuta sauti huku minueti ikiendelea, halafu inaingia na kontradansi: hiyo Don Giovanni anacheza na Zerlina, msichana wa kijijini anayemtaka. Ya tatu nayo inalinganisha nyuzi, kisha inaanza dansi ya Kijerumani, ambayo mtumishi Leporello anamlazimisha Masetto, mchumba wa Zerlina, aicheze ili asione kinachoendelea. Zote tatu zinakwenda kwa wakati mmoja. Pigo moja la minueti ni sawa na pigo moja la kontradansi, kwa hiyo vipimo viwili vya minueti vinalingana na vitatu vya kontradansi. Na ndani ya kila pigo hilo dansi ya Kijerumani inamaliza kipimo chake kizima.

Ukitaka kujua mada inasema nini, angalia dansi ya katikati. Don Giovanni ni kabaila. Haki yake ni minueti. Zerlina hawezi minueti, na Don Giovanni hawezi kushuka mpaka kwenye dansi ya wakulima bila kujidhalilisha. Kontradansi ndiyo sakafu pekee wanayoweza kukutana. Hakuna neno lililoimbwa kulieleza hilo. Ni mapigo yenyewe. Kisha Zerlina anapiga kelele kutoka chumba cha pembeni, na dansi zote zinavunjika.

Mwaka mmoja kabla, 1786, katika *Ndoa ya Figaro*, mada hiyohiyo ilikuwa imetumika kwa hila zaidi. Mtumishi Figaro amegundua kwamba bwana wake Almaviva anamtaka mchumba wake. Yuko peke yake chumbani, na anaimba kwamba kama bwana mdogo anataka kucheza dansi, gitaa atampigia yeye. Muziki ni F meja, mapigo matatu, hatua za adabu: minueti ya bwana wake, imeimbwa na mtumishi kwa meno yaliyokazwa. Nyuzi zinadonolewa kama gitaa, na pembe zipo. Katikati, anapoanza kutaja hila atakazotumia, uvumilivu unamwisha, mapigo yanageuka mawili ya haraka, kontradansi inachukua nafasi, ndipo adabu inarudi. Kumbuka kwamba tamthilia iliyozaa opera hii ilikuwa imezuiwa kuchezwa jukwaani Vienna mwaka 1785, na mtunzi wa maneno alipunguza makali yake. Nadhani sehemu ya makali hayo ilirudi kupitia mlango wa dansi, ambao mkaguzi hakuufikiria kuulinda. Hayo ni maoni yangu, lakini mapigo yanayabeba.

Opera hiyohiyo inakupa onyo pia. Tendo la nne, Figaro anaamini amesalitiwa, anawalaani wanawake wote, na mwishoni pembe zinalia peke yake kwa nguvu. Mtu aliyekariri orodha ataandika "mawindo". Sivyo. Kwa Waitaliano mwanamume aliyesalitiwa na mkewe husemwa ameota pembe, na okestra inamcheka. Chombo ni kilekile, noti za aina ileile, maana nyingine kabisa, kwa sababu ya nani anaimba na anasema nini.

Makosa mengi ninayoyaona kwa wanafunzi yanatokana na kushika alama moja na kuikimbilia. Sita kwa nane ndiyo mtego mkubwa. Ikiwa ya haraka, ikiruka noti kwa noti bila kutulia kwenye do, mi, so, huenda ni dansi ya jiga tu. Ikiwa ya polepole, pigo la kwanza limerefushwa na kuvutwa, hasa kwa maina, ni sisiliana, yenye huzuni. Ikiwa ya polepole na besi imeng'ang'ania noti moja kama zumari la mchungaji, ni malishoni. Mawindo yanataka mwendo wa haraka, meja, noti za kordi na zile nafasi za pembe. Ukipata moja tu kati ya hizo, nyamaza kwanza. Hata ile kwarteti ya Mozart ya 1784, K. 458, inayoitwa "Mawindo", jina si lake. Waliompa jina walisikia sita kwa nane na noti za kordi za mwanzo, na kwa maoni yangu hapo walisikia vizuri. Lakini zipo kurasa nyingi za muziki huu ambazo hazina mada yoyote ya kutaja, ni vifungu vya kupita kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, na kuzibandika majina ni kupoteza muda.

Kwa mazoezi yako, fanya hivi. Piga vipimo viwili vya kwanza vya 81a ukibadilisha besi: badala ya C weka E-flati, mwito umalizike kama pembe zinavyotaka. Rudia mara kadhaa mpaka sikio lizoee. Halafu piga alichoandika Beethoven. Usikaze ile C, haihitaji msaada, na usiweke pedali moja kupitia noti zote tatu maana utaifunika ile tano ya katikati.

Ukishamaliza hapo, tafuta sonata ya Mozart ya F meja, K. 332, sehemu ya kwanza. Yote imeandikwa kwa mapigo matatu. Inaanza kwa wimbo mtulivu wa sauti moja juu ya besi inayozunguka, na baada ya vipimo vinne sauti zinaanza kuigana kwa heshima ya kikanisa. Karibu na kipimo cha 12 pembe zinaingia. Kipimo cha 22 hali inachafuka, D maina, na kipimo cha 41 kuna minueti. Kabla hujamwonyesha mwalimu wako, andika kwa penseli chini ya kila sehemu ni alama zipi zilizokufanya uitambue. Ukikuta umeandika alama moja tu mahali fulani, weka kiulizo.